Nimefaulu fiziolojia mwaka wa kwanza, lakini famakolojia ya mwaka wa pili naona itanikuta mtupu. Nishike nini likizo hii?

Kijana wa Bweni la Juu (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Nimemaliza mwaka wa kwanza udaktari. Matokeo yametoka na nimepita yote. Sasa juzi mdogo wangu yuko na kitabu chake cha baiolojia akaniuliza adrenalini inafanya nini kwenye mapafu, nikabaki namkodolea macho. Hiyo mada niliipigia msuli mpaka usiku wa manane kabla ya mtihani, na swali lake nililijibu vizuri tu. Haijapita hata miezi miwili.

Kaka zangu wa mwaka wa pili wananiambia famakolojia inaanza moja kwa moja na dawa za otonomiki, yaani za neva zinazoendesha viungo bila wewe kuviamuru, na mhadhiri hasimami kukurudishia fiziolojia. Anasema "hii mnaijua" halafu anapita.

Likizo ni mpaka Oktoba. Nipo nyumbani, mchana nakaa dukani kwa mzee, bando ni la kubangaiza na kompyuta sina. Sitaki kurudia mwaka mzima, sitaweza. Naomba waliopita huko waniambie nishike kipi, na nikishikeje kisiponyoke tena.

---

Mzee wa Sapu

Pole sana dogo. Sapu siyo mwisho wa dunia, mimi nilikuwa nazo kila mwaka na leo nina cheti. Tafuta pasti pepa za miaka mitano nyuma, maswali yanajirudia mno. Komaa na hizo tu, madesa achana nayo.

---

Kijana wa Bweni la Juu

Mkuu sina sapu. Nimepita. Naongelea kukumbuka baada ya kupita.

---

Mzee wa Sapu

Aaah, nimesoma haraka. Basi kama umepita lala usingizi, hicho kitu kitarudi chenyewe ukikiona.

---

Dada Kadi

Usimsikilize, hakirudi chenyewe. Weka Anki kwenye simu, haihitaji bando ukishapakua kadi zako. Kuna furushi za kadi elfu na elfu za udaktari watu wameshatengeneza, unashusha tu. Inakuletea kadi siku unayokaribia kuisahau. Mimi nimekwenda nayo mwaka mzima, silali bila kumaliza kadi zangu. Anza leo na kadi 20 mpya kwa siku, mpaka Oktoba utakuwa umepitia fiziolojia yote.

---

Daktari wa Zamu

Mleta uzi, swali lako zuri, na bahati yako umeliuliza likizo haijaisha.

Niliwahi kusaidia kufundisha semina za famakolojia, kwa hiyo nakuambia nilichokiona mezani. Mwanafunzi anayekwama famakolojia mara nyingi hajasahau fiziolojia yote. Amesahau kurasa chache ambazo dawa zote zimejengwa juu yake. Otonomiki ni ukurasa mmoja. Ukiwa nao kichwani, dawa kama thelathini hazihitaji kukaririwa, unazitabiri. Usipokuwa nao, kila dawa inakuja na orodha yake ya madhara, na wewe unakariri orodha thelathini.

Kwa hiyo hatua ya kwanza wala siyo kusoma. Mpigie simu mtu aliyemaliza mwaka wa pili, umuulize swali moja: ni mada zipi mhadhiri alizipita akisema "hii mnaijua"? Andika. Halafu omba pasti pepa ya famakolojia, siyo ya fiziolojia. Usijaribu kuijibu. Isome kama mtu anayetafuta msingi wa nyumba: kila swali jiulize linasimama juu ya kitu gani cha mwaka wa kwanza. Swali la dawa ya presha linasimama juu ya jinsi presha inavyopanda na kushuka. Swali la dawa ya kukojosha linasimama juu ya figo, sehemu gani inarudisha chumvi ipi. Utakuta mada hazizidi nane au tisa. Hizo ndizo za kushika. Nyingine ziache ziende, na usione huruma.

Sasa kushikaje. Chukua daftari, kunja ukurasa katikati kwa urefu. Kushoto andika viungo: moyo, mirija ya hewa, mboni ya jicho, mishipa ya damu ya ngozi, mate, jasho, kibofu. Funga madesa yote. Kulia andika simpathetiki, ile ya kupigana au kukimbia, inafanya nini kwa kila kiungo na kupitia kipokezi gani, kisha parasimpathetiki, ile ya kupumzika, inafanya nini. Bila kuchungulia. Ukikwama acha wazi, nenda kiungo kinachofuata. Ukimaliza ndipo ufungue desa na kusahihisha kwa kalamu nyekundu.

Rudia baada ya wiki moja, ukurasa mpya, mtupu. Kisha baada ya wiki tatu, kisha siku chache kabla ya kufungua chuo. Kila mara ni robo saa. Ukiona unataka "kupitia kwanza kidogo halafu ndiyo niandike", jizuie, maana hapo ndipo unapojidanganya. Desa likiwa wazi kila kitu kinaonekana unakijua.

---

Dada Kadi

Daktari hicho unachosema ndicho Anki inafanya, tofauti ni karatasi tu.

---

Daktari wa Zamu

Nusu ni hivyo. Kurudia kwa nafasi kunafanana. Lakini furushi la kadi la mtu mwingine lina matatizo mawili. Moja, yeye ndiye aliyechagua cha kukumbuka, wewe hujachagua. Utajikuta unashika majina ya vimeng'enya vyote vya mzunguko wa Krebs kwa sababu tu vimo. La pili, kadi nyingi zinauliza "beta 2 iko wapi?", unajibu "mirija ya hewa", unasonga. Famakolojia haitakuuliza hivyo. Itakuuliza kwa nini mgonjwa wa pumu aliyevuta salbutamoli mikono inamtetemeka. Kadi ikiwa na "kwa nini" ndani yake, na umeiandika mwenyewe, sina ugomvi nayo.

Halafu huyu anakaa dukani. Akikosa siku nne, kadi za zamani zinajipanga foleni, anafungua simu anakuta mia na kitu zinamsubiri, anafunga.

---

Dada Kadi

Hiyo foleni ni kweli, imenikuta wakati wa msiba nyumbani. Nilipunguza kadi mpya mpaka sifuri kwa muda, ikaisha. Lakini bado nasema bila kitu cha kukukumbusha tarehe, hilo daftari litakaa uvunguni.

---

Mhasibu Mtarajiwa

Samahani naingilia, mimi siyo wa afya. Kwetu uhasibu ni vilevile, mwaka wa kwanza unajifunza maingizo, mwaka wa pili unaambiwa unganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu, na kama huwezi kusema akaunti gani inaongezeka upande upi unabaki unanakili majibu. Kilichonisaidia ni kwamba likizo nilikuwa nawafundisha madogo wa cheti, wananilipa hela ya vocha. Maswali yao ya kijinga ndiyo yaliyonibana. Mleta uzi unaye huyo mdogo wako wa baiolojia, mtumie.

---

Mkufunzi Mstaafu

Nimefundisha wanaosomea ualimu kwa muda mrefu, niongeze mambo mawili.

Kuhusu kufunga desa: mwaka 2006 Roediger na Karpicke huko Marekani waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja tu, kisha mara tatu likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara nne waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka kama asilimia 61, wale wasomaji asilimia 40. Angalieni hizo dakika tano. Ndiyo hali ya mwanafunzi wetu anayesoma mpaka mlangoni mwa chumba cha mtihani. Anafaulu kweli, hajaiba mtu. Ila njia iliyomfaulisha leo siyo inayobakiza kitu mpaka Oktoba.

La pili, Bahrick na Hall mwaka 1991 waliwapima watu aljebra waliyosoma sekondari, wengine miaka hamsini baadaye. Waliokwenda mbele mpaka kalikulasi na zaidi walikuwa bado wanayo karibu yote. Waliopata alama nzuri zilezile lakini hawakuendelea na hisabati, iliwaishia polepole mpaka karibu na mtu wa kubahatisha. Nalisoma hivi: alama ya juu haikuilinda aljebra. Kilichoilinda ni kozi zilizofuata, zilizowalazimisha kuitumia miaka kadhaa. Kwa hiyo kijana, kazi yako likizo hii siyo kuihifadhi fiziolojia milele. Ni kuivusha ikiwa hai mpaka famakolojia ianze, halafu famakolojia yenyewe itaibeba.

---

Mzee wa Sapu

Mkufunzi hapo si umesema nilichosema mimi? Kitarudi chenyewe.

---

Mkufunzi Mstaafu

Hapana bwana. Waliokwenda kalikulasi waliitumia aljebra kila siku kwa mikono yao. Ukiingia famakolojia ukakariri dawa kama majina ya vituo vya basi, fiziolojia haijatumika hata mara moja. Itakufa humo humo darasani. Ila una punje ya ukweli: ulichowahi kukijua vizuri hurudi kwa haraka kuliko kipya. Ebbinghaus alishaliona hilo mwaka 1885, alipohesabu muda anaookoa akijifunza upya alichokisahau. Kwa hiyo mleta uzi usiogope karatasi ya kwanza ikiwa tupu.

---

Kijana wa Bweni la Juu

Wakuu nimeifanya jana usiku baada ya kufunga duka. Sijachungulia, naapa. Hii hapa:

Moyo: simpathetiki mapigo juu, beta 1. Parasimpathetiki mapigo chini.
Mirija ya hewa: simpathetiki inatanuka, beta 2. Para inabana.
Mboni: simpathetiki inatanuka, alfa 1. Para inasinyaa.
Mishipa ya ngozi: simpathetiki inabana, alfa 1. Para... nimeacha wazi.
Mate: para mengi, majimaji. Simpathetiki nadhani yanapungua?
Jasho: para, maana nakumbuka ni asetilikolini.
Kibofu: simpathetiki inazuia, para inakojoza.

---

Daktari wa Zamu

Kwa mtu aliyesema amesahau kila kitu, hii ni nzuri. Mboni na kibofu umevipata sawa.

Hapo ulipoacha wazi pa mishipa, uwazi ndilo jibu. Mishipa mingi ya damu haina neva ya parasimpathetiki. Inabanwa simpathetiki ikiongezeka, inalegea ikipungua. Andika kwa nyekundu "hakuna", usiache tupu, la sivyo wiki ijayo utadhani umesahau.

Mate: simpathetiki nayo hutoa mate, ila machache na mazito. Ndiyo maana mdomo unakauka ukisimama mbele ya jopo.

Jasho ndilo lililowakamata wengi kabla yako. Umekumbuka asetilikolini, ni kweli, ukarudi nyuma ukasema basi ni para. Neva inayokwenda kwenye tezi za jasho ni ya simpathetiki, lakini mwishoni inamwaga asetilikolini badala ya noradrenalini. Kosa hili ukiliacha halitakudhuru kwenye jedwali. Litakudhuru kwenye atropini. Atropini inazuia asetilikolini kwenye vipokezi vya muskariniki. Sasa niambie, mtoto akipewa atropini nyingi, kwa nini anachemka mwili?

---

Kijana wa Bweni la Juu

Kwa sababu hatoi jasho?

---

Daktari wa Zamu

Ndiyo. Hukukariri "atropini huleta joto", umeitoa kwenye jedwali lako mwenyewe. Endelea hivyo hivyo, usifungue kitabu. Propranololi inaziba beta 1 na beta 2. Mgonjwa wa presha, ana pumu. Utampa?

---

Kijana wa Bweni la Juu

Beta 1 ikizibwa mapigo yanashuka, hiyo nzuri kwa presha. Beta 2 ikizibwa mirija haitanuki... ana pumu... simpi.

Na salbutamoli ni kinyume, inaamsha beta 2 mirija inatanuka. Ila kutetemeka mikono sijaona kwenye jedwali.

---

Daktari wa Zamu

Haipo kwa sababu kiungo hicho hukukiandika, na mimi sikukutajia. Misuli ya mifupa nayo ina beta 2. Ongeza mstari. Na mgonjwa akilalamika moyo unamdunda baada ya kuvuta nyingi, kumbuka dawa inapendelea beta 2 lakini haikuapa kutogusa beta 1.

Umeona kazi ya karatasi hii? Mara ya pili usiandike jedwali peke yake. Chini yake weka dawa tatu tu, na kwa kila moja andika kitakachotokea kiungo kwa kiungo. Ukikosea matokeo ya dawa, utajua ni mstari gani wa jedwali umelegea.

---

Mshona Majeraha

Hapa naona fiziolojia inatendewa haki, anatomia imeachwa. Niko mafunzo ya upasuaji. Daktari anasema "nyingine ziache ziende". Mtandao wa neva za bega ukiuacha uende mwaka wa kwanza, utakuja wodini mwaka wa tatu, mgonjwa kavunjika mfupa wa mkono wa juu katikati, kiganja kimelegea hakinyanyuki, na wewe hujui ni neva gani.

---

Daktari wa Zamu

Neva ya radiali, inapita nyuma ya mfupa pale pale. Hilo nakubali libaki. Lakini ndugu yangu, je, abaki na mchoro mzima, mizizi mitano, vigogo vitatu, na kila tawi lenye jina? Mimi ningebaki na neva kuu tano za mkono: inapita wapi ikawa hatarini, na ikikatika mgonjwa anashindwa nini.

---

Mshona Majeraha

Ungebaki na tano kwa sababu ulishawahi kuuchora wote. Aliyeshika tano bila mchoro, akikutana na mtoto aliyevutwa bega wakati wa kuzaliwa, atakwama. Hapo tatizo liko kwenye mizizi, siyo kwenye neva moja.

---

Daktari wa Zamu

Hoja yako nimeiona. Bado nadhani mchoro mzima kwa likizo moja, kwa mtu anayekaa dukani, utafukuza vingine. Mwaka wake wa pili ni famakolojia, patholojia na maikrobaiolojia, upasuaji unakuja baadaye.

---

Mshona Majeraha

Baadaye ndiyo neno walilotumia wote ninaowafundisha wodini sasa hivi.

---

Kijana wa Bweni la Juu

Nitauchora mara moja niuone kama unanikaa, nikishindwa nabaki na tano. Na baiokemia je? Daktari umeisema vibaya Krebs.

---

Daktari wa Zamu

Sijaisema vibaya, nimesema majina ya vimeng'enya. Shika maswali mawili: seli ikikosa oksijeni kwa nini inazalisha laktiki, na mgonjwa wa kisukari asiye na insulini kwa nini anatoa ketoni wakati sukari imejaa kwenye damu. Ukiweza kuyaeleza hayo mawili kwa mdogo wako bila karatasi, Krebs umeibeba kiasi kinachokutosha mwaka wa pili.

---

Nesi wa Wilaya

Naomba kuuliza kuhusu hilo jedwali, maana limenigusa kazini. Huku kwetu wakati wa kupulizia mashamba tunapokea waliokunywa au kuvuta sumu ya wadudu. Tuliambiwa asetilikolini inazidi kwa sababu sumu inaziba kimeng'enya kinachoivunja. Mate yanatoka, machozi, jasho, mboni imekuwa kitone, kifua kinakoroma. Karibu yote hayo nayaona kwenye jedwali la kijana upande wa para, na jasho sasa nimelielewa. Lakini kwa jedwali hilo mapigo yangeshuka. Mwaka jana tulipokea mmoja mapigo yake yanakimbia, zaidi ya 120, na hatukuwa tumempa atropini bado. Jedwali limekosea?

---

Kijana wa Bweni la Juu

Hata mimi ningejibu yashuke.

---

Daktari wa Zamu

Na wengi wao hushuka. Jedwali halijakosea, ila linaonyesha mwisho wa njia tu. Asetilikolini inafanya kazi pia katikati ya njia, kwenye vituo ambapo neva moja inampokeza mwenzake, na vituo hivyo viko pande zote mbili, hata upande wa simpathetiki. Vipokezi vya hapo ni vya nikotiniki. Sumu ikivichochea hivyo kwa nguvu, simpathetiki nayo inaamka, moyo unakimbia. Ongeza hofu, na mgonjwa asiyepata hewa ya kutosha. Kipi kitashinda kwa mgonjwa fulani, jedwali haliwezi kukuambia. Unamwangalia mgonjwa.

---

Nesi wa Wilaya

Na misuli yake ilikuwa inachezacheza chini ya ngozi, mapajani na kifuani. Tulipompa atropini kifua kikakauka, ila misuli haikutulia.

---

Daktari wa Zamu

Misuli hiyo ni nikotiniki vilevile. Atropini haigusi huko, inagusa muskariniki tu. Ndiyo maana tunaongeza dozi huku tukisikiliza kifua kama kimekauka, hatungoji misuli itulie, na tunachunga pumzi, kwa sababu misuli ya kupumulia nayo inaweza kuchoka.

Kijana, karatasi yako ya wiki ijayo iwe na safu moja zaidi.

---

Kijana wa Bweni la Juu

Safu ya nikotiniki nimeshaichora. Jumamosi naandika upya bila kuangalia, nitaleta hapa na makosa yake. Dada Kadi naomba unikumbushe tarehe.

---

Dada Kadi

Si nilisema? Nimeweka kengele kwenye simu. Na hiyo ya misuli na atropini nimeshaiandikia kadi, ina "kwa nini" ndani.